Tupeane uzoefu: begi limejaa, unatengeneza kitu, malighafi zinaliwa na kitu chenyewe hakiji

Mwana_Nkuhungu: Wakuu, mbukwenyi. Jana dogo wa hapa nyumbani karusha simu kitandani anafoka kama kaibiwa. Kumbe gemu lake limemmezea chuma. Kabonyeza kutengeneza shoka, chuma kimekatwa, shoka halijaja, halafu maandishi mekundu yanamwambia begi limejaa. Sasa si lingesema kabla? Nikakumbuka yaliyonikuta zamani. Waliopigwa namna hii waje hapa.

Kibaigwa_Original: Yalinikuta. Sitaki hata kuongea.

Binti_Hombolo: Mimi nitaongea. Tulikuwa hosteli, tuna seva yetu ya gemu la Luanti (enzi hizo bado inaitwa Minetest), tunacheza kwa waifai ya ndani bila bando. Kuna jamaa alitunga modi ya karakana: unachagua kitu, unabonyeza kitufe, inakukatia malighafi na kukupa kitu. Mashine kuu ilitaka chuma 40 na almasi 9. Nikashuka mgodini, nikarudi na chuma 90 na almasi 24, na begi limefurika mawe, udongo, sururu mbovu, kila aina ya takataka. Umeme unachezacheza, kila mtu anapiga kelele tuzime. Nikabonyeza. Kimya. Nikajua seva imekwama, nikabonyeza tena. Kimya. Kuangalia begi: chuma 10, almasi 6. Mashine hakuna. Nilimfuata jamaa chumbani kwake na ndala mkononi, akaniambia kwake inafanya kazi vizuri, akanionyesha, na kweli ikafanya!

Kibaigwa_Original: Sasa dada, udongo wa nini begini?

Binti_Hombolo: Na wewe nani kakuuliza?

Teja_la_Gemu: Kwani kosa liko wapi? Gemu linakufundisha kupanga mizigo. Ukipika na huna sufuria, unga si umemwagika?

Binti_Hombolo: Mtu asiye na sufuria anaambiwa huna sufuria KABLA ya kufungua unga. Niache.

Mzee_wa_Kinu: Vijana, habari zenu. Nimeona mnazungumzia malighafi kuliwa na bidhaa kutoingia kwa sababu stoo imejaa. Mimi nina kinu cha kukamua alizeti huku Kongwa. Kijana mmoja alinitengenezea programu ya stoo kwenye kompyuta. Ukiandika umekamua magunia kadhaa, inapunguza magunia na kuongeza lita kwenye tangi. Tangi aliliwekea kikomo. Msimu uliopita magunia yakawa yanapungua kwenye kompyuta, mafuta hayaongezeki. Nikaona huyu kijana wangu wa stoo ananiibia. Nikamtoa kazini.

Kibaigwa_Original: Mzee!!

Binti_Hombolo: Shikamoo mzee. Na mafuta yenyewe yalikuwepo?

Mzee_wa_Kinu: Marahaba. Yalikuwepo, kwenye madumu pembeni ya tangi. Programu ilikuwa haiyajui.

Teja_la_Gemu: Mzee hapa tunaongelea magemu, lakini mpigie huyo kijana leo.

Mzee_wa_Kinu: Nimepiga, hapokei.

Kibaigwa_Original: Nenda nyumbani kwao na mtu mzima mwenzako. Simu haitoshi.

Mwana_Nkuhungu: Uzi wangu umekuwa baraza la usuluhishi. Wataalamu wapo?

Code_Makulu: Dawa ni nyepesi. Kabla ya kukata malighafi unauliza begi kama lina nafasi. Kwenye Luanti ni `inv:room_for_item("main", bidhaa)`. Ikijibu hapana, unakataa. Kwisha habari.

Fundi_Ipagala: Nusu ya dawa hiyo, mkuu. Ukifanya hivyo utawakatalia watu wasio na kosa. Begi la Luanti kwa kawaida lina nafasi 32. Tuseme zote zimejaa, na moja ina mbao 9 kamili, na kitu ninachotaka kinakula mbao 9. Mbao zikiondoka, nafasi yake inabaki wazi na kitu kinaingia bila shida. Wewe umeuliza kabla mbao hazijaondoka, umeambiwa hakuna nafasi, umenifukuza bure.

Na hapohapo ndipo lilipojificha kosa la jamaa wa hosteli. Mtu anapojaribu modi yake hujipa malighafi kamili, zinaisha zote, nafasi inafunguka, kitu kinaingia, anasema kwake inafanya kazi. Dada alikuwa na almasi 24. Zikitoka 9 zinabaki 15, nafasi bado imekaliwa. Chuma vilevile. Mashine ikakosa pa kukaa, na msimbo haukujali jibu la begi.

Code_Makulu: Begi linajibu?

Fundi_Ipagala: Linajibu. `add_item` inakurudishia kilichokosa nafasi. Wengi hawakishiki kile kinachorudi, kinayeyuka. Kuna hali mbaya zaidi ambayo mchezaji haioni kabisa: unatengeneza matofali 4 kwa mpigo, begi limejaa, ila una rundo la matofali 97, na rundo linaishia 99. Yanaingia 2, mengine 2 yanapotea. Hakuna anayehesabu matofali.

Ninavyofanya mimi: napiga nakala ya begi, nakata, naongeza, kikibaki chochote narudisha begi lilivyokuwa.

```lua
local kabla = inv:get_list("main")
for _, m in ipairs(malighafi) do
  inv:remove_item("main", m)
end
local baki = inv:add_item("main", bidhaa)
if not baki:is_empty() then
  inv:set_list("main", kabla)
  return false
end
return true
```

Kama malighafi zipo za kutosha, hilo unalikagua juu kabla ya mistari hii. Kujaribu: jaza begi kwa sururu, maana hazirundikani, acha nafasi za malighafi tu, na malighafi ziwe nyingi kuliko zinazotakiwa. Bonyeza, hesabu.

Teja_la_Gemu: Mbona unajisumbua? Kilichokosa nafasi kidondoshe chini miguuni.

Fundi_Ipagala: Inakubalika, `core.add_item(pos, baki)` inatosha. Lakini Luanti isipobadilishwa inafuta kilicholala chini baada ya sekunde 900. Na kama umesimama juu ya lava je? Au kwenye seva yenye watu kama Kibaigwa?

Kibaigwa_Original: Mimi naokota, siibi.

Binti_Hombolo: Bora kidondoke nikione kuliko kunikatalia. Nikiwa vitani nataka mshale, sitaki barua ya kukataliwa.

Code_Makulu: Mimi bora kukataa, halafu maandishi yaseme wazi ni begi, sio malighafi.

Mama_Chipogoro: Mwanangu ana Minecraft. Tanuru likijaa upande wa kutokea, moto unaendelea kuwaka tu. Makaa yanaliwa. Nalo ni kosa hilo?

Fundi_Ipagala: Hapana mama. Tanuru likijaa haliwashi kipande kipya, ila kilichokwisha washwa kinaungua mpaka kiishe. Chuma chake ghafi hakiguswi.

Mama_Chipogoro: Lakini makaa ameyapoteza.

Fundi_Ipagala: Hicho kipande kimoja, ndiyo.

Mama_Chipogoro: Basi ni kosa.

Teja_la_Gemu: Mama kashinda 😂

Mwana_Nkuhungu: Na kwa dogo wangu? Gemu la simu, msimbo hatuuoni.

Kibaigwa_Original: Alifute.

Code_Makulu: Apige picha ya begi kabla na baada, awatumie wenye gemu. Bila picha hawasikilizi.

Fundi_Ipagala: Na mpaka watengeneze, kabla ya kubonyeza aache nafasi moja wazi, na kama ni vitu vya mafungu aache mbili.

Binti_Hombolo: Mzee wa kinu, vipi, ulienda?

Mzee_wa_Kinu: Naenda Jumamosi. Huyo Fundi wa Ipagala aniachie namba, na ile programu aiangalie.