Dottore, avvocato, geometra: nitafsiri au niache vilevile?

PwaniKwetu
Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nina kazi ya kutafsiri kutoka Kiitaliano, naikabidhi baada ya wiki mbili. Kuna vyeo vitatu vinajirudia karibu kila ukurasa: dottore, avvocato na geometra. Naona njia mbili. Ama niviache kama vilivyo kwa herufi za mlazo, ama niandike daktari, wakili na mpima ardhi. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

SimbaMlaNyasi
Tafsiri, kaka. Ukiacha maneno ya watu kwenye Kiswahili, unalipwa kwa kazi gani? Dottore ni daktari, asili ya neno ni moja. Avvocato ni wakili. Geometra ni mtu wa jometri, kwa hiyo mwalimu wa hesabu. Kazi imekwisha.

MzeeWaKamusi
Simba, kwenye asili ya neno uko sawa, lakini msomaji hasomi asili, anasoma maana. Na huyo mwalimu wa hesabu sijui umemtoa wapi.

PwaniKwetu, swali lako halina nyama. Ni hati ya mahakama, ni hadithi, ni barua ya biashara? Nani anamwita nani dottore? Italia mtu yeyote aliyemaliza digrii ya kwanza ni dottore kwa mujibu wa sheria, hata ile ya miaka 3 tangu walipopanga upya vyuo mwaka 2004. Mwenye digrii ya udaktari wa falsafa wao humwita dottore di ricerca. Na mganga wa hospitali naye ni dottore. Bila kutuambia ni yupi, sisi tunapiga ramli.

Chausiku_Bologna
Naomba msikilize yaliyonikuta mimi, kisha muamue wenyewe.

Dada yangu aliolewa na Mtaliano, mtu mzuri, ana digrii ya uchumi na anafanya kazi ofisi ya mauzo ya kampuni ya vigae karibu na Modena. Kadi ya harusi upande wa kwao iliandikwa "Dott." mbele ya jina lake. Mimi ndiye niliyeandika upande wa Kiswahili, na kwa ujuaji wangu nikaweka "Dkt." Kadi mia mbili zikasambazwa Tanga.

Shemeji alipofika, siku ya pili asubuhi nyumbani kulikuwa na foleni. Sifanyi utani. Kuna mama alikuja na daftari lake la presha, kuna kijana wa jirani mwenye kikohozi, na bibi mmoja aliyeleta bahasha kubwa ya kahawia yenye eksirei ya nyonga. Shemeji hajui Kiswahili, na ni mtu wa adabu. Akaipokea ile eksirei, akainyanyua kwenye dirisha, akaitazama kama dakika nzima, akatikisa kichwa kwa huruma. Bibi akaanza kulia akidhani ameambiwa atakufa.

Ilibidi mjomba asimame kwenye kadamnasi kueleza kwamba bwana harusi anauza vigae vya bafuni. Minong'ono ikaanza papo hapo: kumbe tumedanganywa, kumbe si daktari, na mahari waliipokea kwa hesabu ipi? Hadi leo kuna shangazi anaamini lile jina lilikuwa la kughushi. Kosa lilikuwa langu, kwa herufi tatu tu. Kwenye ile kadi Kiswahili sahihi cha "Dott." kilikuwa "Bw."

SimbaMlaNyasi
Pole, ila hayo ni ya kadi ya harusi. Wakili je? Hapo hamna la kubisha.

MzeeWaKamusi
Hapo nakubali, karibu asilimia mia. Avvocato ni wakili aliyefaulu mtihani wa serikali na kuandikishwa kwenye orodha ya mawakili, na hata kumwita mtu "Wakili, habari za leo?" kwetu kunakaa vizuri mdomoni. Tahadhari ni moja. Gianni Agnelli wa Fiat, aliyefariki 2003, Italia nzima walimwita l'Avvocato. Alisoma sheria lakini hakuwahi kuifanyia kazi. Ukimwandika "Wakili Agnelli", msomaji atauliza alitetea kesi gani. Pale cheo kilishageuka jina.

PwaniKwetu
Samahani, ni kweli nilificha mambo bila kukusudia. Ni riwaya ya upelelezi, iko Napoli. Mkuu wa upelelezi ni commissario wa polisi, na askari wake wote wanamwita dottore. Mlinzi wa magari barabarani naye humwita "dottò". Daktari wa maiti naye ni dottore. Geometra ndiye aliyechora nyumba iliyojengwa bila kibali, na ndiye anayeshukiwa.

FundiSaleh
Hapo kwenye geometra ngoja niseme, maana nimefanya nao kazi. Watamu kuna Wataliano wengi wenye nyumba, na saiti moja niliyokuwa nasimamia zege alikuja mzee mmoja na futi yake ya chuma na karatasi zilizokunjwa mfukoni. Kila Mtaliano akimwona: "Buongiorno, geometra!" Sisi tulidhani ndilo jina lake. Vibarua wakamwita Mzee Jometra hadi siku anaondoka, na yeye alifurahi tu.

Yule bwana si mpima ardhi tu. Alipima kiwanja, sawa, lakini pia alichora nyumba, akasimamia ukuta wa mpakani, akahesabu mbao za paa. Aliniambia kwao hutoka shule ya ufundi bila chuo kikuu, wanafanya mazoezi ya kazi, wanapewa mtihani wa serikali, kisha wanaandikishwa. Majengo makubwa hawaruhusiwi. Nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida ndiyo mkate wao. Kwetu mtu huyo tunamwita mchora ramani. Ukitaka nyumba ya vyumba vitatu humtafuti msanifu majengo, unamtafuta mchora ramani.

MzeeWaKamusi
Saleh umenipa neno. "Mchora ramani" lina hata ile dharau ndogo ambayo wasanifu wa Italia humwekea geometra. Kasoro yake ni kwamba haliitiki. Hakuna anayesema "Shikamoo, mchora ramani."

FundiSaleh
Ukimwita, mwite injinia. Saiti kila mwenye kofia ngumu ni injinia.

PwaniKwetu
Hapana Saleh, hapo ndipo panaponiua. Ukurasa wa 61 mwenye nyumba anamwita "ingegnere" ili kumpaka mafuta, na geometra hakanushi. Mkuu wa upelelezi analiona hilo na ndipo anapoanza kumshuku. Nikishamfanya injinia tangu mwanzo, dokezo limekufa.

MzeeWaKamusi
Basi masimulizi yamwite mchora ramani, na watu wanaomwita wamwite "fundi". Siku anayoitwa "injinia" msomaji atashtuka mwenyewe.

FundiSaleh
Fundi ni mimi bwana. Yeye alivaa viatu vya ngozi.

Mama_Ndovu
Mimi nasema acheni Kiitaliano kibaki. Wazungu wanaandika "Mwalimu Nyerere" na hakuna anayemtafsiri. Kwa nini sisi tuwe wa kwanza kuona haya? Msomaji atazoea dottore baada ya kurasa tano.

MzeeWaKamusi
Hoja nzuri, lakini angalia tofauti. Mwalimu huyo ni mtu mmoja, jina limemganda. Dottore ni kila mtu. Halafu dottore lenyewe halitulii. Mbele ya jina linakatwa mkia, wanasema "dottor" fulani. Mlinzi wa magari anasema "dottò". Mwanamke ni dottoressa. Msomaji asiyejua Kiitaliano ataona maneno manne, adhani ni vyeo vinne. Na wakiwa wawili utaandika nini, madottore? Geometra wengi kwao ni geometri. Utasema mageometri?

Mimi ningemgawa dottore kwa kuangalia ni nani anayesema. Askari kwa mkubwa wake: "afande". Mlinzi wa magari: "bosi". Daktari wa maiti: "daktari". Kila mmoja anapata Kiswahili cha mdomo wake. Na commissario usimwite kamishna, utampandisha cheo ngazi kadhaa.

Mama_Ndovu
Afande? Afande ni wa gwaride. Polisi wa Italia waliondolewa ujeshi mwaka 1981. Wenye ujeshi ni karabinieri, na hao humwita mkubwa wao kwa cheo, kapteni ni kapteni. Askari wa polisi akisema dottore anamaanisha "wewe umesoma sheria, mimi sikusoma". Ukiweka afande umemhamishia kambini.

MzeeWaKamusi
Hilo sikulifikiria. Nakupa pointi. Lakini masikio ya msomaji wa Mombasa au Dodoma yakisikia askari anamwita mkubwa wake neno lingine lisilo afande, atadhani wamegombana.

PwaniKwetu
Naona niseme lote, mtanisamehe. Sura ya 3, chumba cha maiti. Askari anaingia mbio na kupiga kelele "Dottore!" Mkuu wa upelelezi na daktari wa maiti wanageuka kwa pamoja na kujibu "Eeh?" Kisha daktari anasema, wa kwako ni wa cheti, wa kwangu ni wa kisu. Utani huo unarudi mara tatu. Nikigawa afande na daktari, hakuna wa kugeuka.

Chausiku_Bologna
Kumbe! Hilo ungeliweka kwenye ujumbe wa kwanza tusingefika hapa.

MtuWaKatanga
Huku Lubumbashi wakili tunamwita avoka, na daktari ni munganga. Andika munganga, watageuka wote.

SimbaMlaNyasi
Munganga? Mganga ni wa hirizi na mbuzi mweusi.

Mama_Ndovu
Simba, Mganga Mkuu wa Mkoa anachinja mbuzi? Ni daktari wa serikali, mwenye ofisi na stetoskopu.

MzeeWaKamusi
Ngoja, hapo kwenye "mkuu" pana kitu. Askari aseme "Mkuu!" Mkuu wa upelelezi anaweza kugeuka, daktari anaweza kugeuka, na mlinzi wa magari anaweza kulitumia kwa yeyote mwenye gari safi.

PwaniKwetu
Nimelijaribu sasa hivi. "Mkuu!" Wote wawili wakageuka. Hadi hapo sawa. Ila cheti na kisu vimekosa pa kushika, maana ukuu hausomewi. Au niache dottore katika hiyo sura peke yake?

Mama_Ndovu
Ukiliacha sura moja, liache zote.

MzeeWaKamusi
Sikubali. Ila nipe usiku mmoja.

SimbaMlaNyasi
Mimi bado niko kwa daktari. Na mganga ni mganga.

MtuWaKatanga
Kaka, njoo Lubumbashi uumwe na malaria, utamwita munganga mwenyewe.

FundiSaleh
Chausiku, yule bibi wa eksirei, shemeji alimpa dawa au hakumpa?

Chausiku_Bologna
Alipoeleweshwa, alimwambia apunguze chumvi. Bibi anasema ilimsaidia.