Tupeane uzoefu: laptopu ya chipu mbili za grafiki, monita ya nje imekwama Hz 60

Mhariri_Nax
Wasee habari. Nahariri video za harusi hapa Nakuru, na wiki hii kijana wa jirani ameniletea laptopu yake ya gemu, Intel na NVIDIA ndani, analia kuwa amenunua monita ya Hz 144 na inakataa kupita 60. Nikakumbuka taabu yangu mwenyewe nikaona nianzishe hii, maana najua wengi tumenunua hizi mashini za mitumba na tunazisukuma na monita kubwa. Ya kijana ilikuwa hivi: monita ni 2560 kwa 1440, ameichomeka kwa USB-C kupitia adapta ndogo ya kwenda HDMI. Nikafungua Settings, System, Display, halafu Advanced display, nikachagua hiyo monita ya nje. Pale chini ya jina lake pameandikwa "Connected to Intel(R) UHD Graphics". Basi nikajua. Gemu inachorwa na NVIDIA, kila fremu inanakiliwa ipelekwe kwa Intel, Intel ndiyo inaitoa nje. Ni kama kutuma gunia la omena kutoka Kisumu hadi Nakuru halafu ulipitishie Kitale kwanza. Nikahamisha kebo ikaingia kwa HDMI ya laptopu yenyewe, nikarudi palepale, sasa inasoma "Connected to NVIDIA GeForce", na kwenye "Choose a refresh rate" 144 ikatokea. Gemu nayo ikawa laini kuliko mwanzo bila kugusa setingi yoyote ya gemu. Wewe yako ilikuwaje?

Webuye_Mjini
Shida ni kebo. Kila siku ni kebo. Nunua kebo nzuri uache kusumbua watu na chipu.

Mhariri_Nax
Ndugu, kebo yaweza kuwa shida sikatai, lakini hapa kebo ya HDMI ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni tundu, na ile adapta imetoka njiani.

NyarKondele
Webuye ana nusu ya ukweli na hiyo nusu tusiitupe. Kwa kijana yako kulikuwa na mambo mawili na yanafaa kutenganishwa. La kwanza ni adapta: nyingi za bei ya chini ni za HDMI 1.4 ndani, na hiyo kwa 1440 inaishia kama Hz 75, kwa 4K inaishia 30. HDMI 2.0 ndiyo inabeba 1440 kwa 144. Kwa hivyo 60 ilitoka kwa adapta. La pili ni njia ya fremu, na hiyo haikupunguzii Hz kwenye orodha, inakupunguzia kasi ya gemu. Ukitaka kuona uzito wake piga hesabu: 2560 mara 1440 mara baiti 4 ni kama megabaiti 14.7 kwa fremu moja, mara 144 unapata karibu gigabaiti 2.1 kila sekunde zinazosafiri kati ya chipu mbili ilhali gemu yenyewe inatumia njia hiyohiyo. Laptopu nyembamba nyingi NVIDIA imeunganishwa kwa leni 4 tu za PCIe, na kama ni kizazi cha 3 hizo zinabeba chini kidogo ya gigabaiti 4. Nusu imeenda hapo.

Webuye_Mjini
Asante dada. Mimi nilisema kebo.

Bwana_Kiamunyi
Yangu ilikuwa kinyume kabisa na ya kijana. HDMI ndiyo iko kwa Intel na USB-C ndiyo iko kwa NVIDIA. Kwa hivyo msiambie watu "tumia HDMI" kama amri, kila mtengenezaji anatandaza waya vile anapenda. Nikinunua laptopu ya mtumba siku hizi naenda na kebo mbili kwa begi, nachomeka kila tundu palepale dukani nasoma ile "Connected to" kabla sijatoa pesa. Muuzaji akikataa naondoka.

Mulembe_Kitale
Samahani wazee wangu naona mnaongea mambo ya monita, mimi yangu iko kwa doki ya USB, inaonyesha vizuri lakini mausi inavuta mkia na feni ya laptopu inanguruma hata nikisoma barua pepe tu. Ni NVIDIA imeharibika?

NyarKondele
Kaka wa Kitale, angalia kama doki ilikudai usakinishe draiva ya DisplayLink. Kama ndiyo, basi monita yako haiko kwa Intel wala kwa NVIDIA moja kwa moja. Picha inabanwa na prosesa na kutumwa kama data ya USB, ndiyo maana feni inalia. Hiyo huwezi kuiponya kwa kubadilisha chipu.

Mulembe_Kitale
Muuzaji aliniambia ni USB-C ya kawaida. Wacha nikitoka shambani nicheki.

Ugenya_Laivu
Mmenikumbusha siku ambayo sitaki kuikumbuka. Mimi napeperusha mazishi laivu, watu wa ughaibuni wanaangalia kwa simu. Kulikuwa na fundi mmoja amenitengenezea laptopu, akaingia kwa BIOS akatoa "Hybrid" ya chipu zote mbili akaweka "Discrete" ya NVIDIA peke yake ili monita yangu ya nje ya kuangalizia kamera itoe kasi yote, na kweli ilitoa, nikafurahi, hakuniambia kitu kingine. Tukaenda mazishi huko ndani ndani Siaya, stima hakuna, tuko kwa jenereta, na katikati ya misa jenereta ikakohoa ikazima, mafuta yameisha na kijana aliyetumwa mjini hajarudi. Mimi sikushtuka kwa sababu laptopu yangu ikiwa na betri hunipeleka masaa matatu hivi. Wee! Haikufika hata saa moja. Mjane amesimama anaanza kuongea, laptopu inazima pap, simu yangu inaanza kulia, binti yake yuko nje ya nchi hakupata viza ya kuja, anauliza mama amesema nini. Nilishika simu yangu nikaendelea kupeperusha nayo mkono ukitetemeka hadi mwisho. Yule binti alinishukuru baadaye lakini ile sauti yake bado ninayo masikioni.

Omundu_Kakamega
Pole sana brathe. Kwani ile hotuba alipata kuisikia yote?

Ugenya_Laivu
Alikosa kipande cha mwanzo. Kamera ilikuwa inarekodi kwa kadi, nikamtumia usiku.

Omundu_Kakamega
Mungu ni mwema. Na hiyo jenereta ilikuwa ya nani, maana hawa watu wa kukodisha wanakuja na mafuta ya nusu siku kila mara.

Bwana_Kiamunyi
Jenereta tuiache. Funzo la laptopu ndilo hili: monita ikiwa kwa tundu la NVIDIA, NVIDIA hailali hata kama unaandika barua tu. Kwa "Discrete" hailali hata bila monita. Ukienda kazi isiyo na stima rudisha "Hybrid" na uchomoe monita. Nyumbani kwa chaja weka unavyotaka.

Mhariri_Nax
Mimi hata sioni haja ya "Discrete" kwa mtu wa monita ya nje. Kwa laptopu nyingi hiyo swichi inasaidia skrini ya laptopu yenyewe, ndiyo iliyofungwa kwa Intel. Monita ikishakuwa kwa tundu la NVIDIA, Windows inaitoa moja kwa moja.

Bwana_Kiamunyi
Kwa yangu kuna tofauti nikiweka "Discrete". Ndogo lakini ipo.

Mhariri_Nax
Umeipima na skrini ya laptopu ikiwa imezimwa, monita peke yake?

Bwana_Kiamunyi
Hapana, zote zimewaka. Nitapima.

NyarKondele
Sasa wenye Ubuntu, msitoke, kwetu ni hadithi nyingine, na tundu sahihi pekee halitoshi. Tulikuwa na usiku wa gemu Kondele, laptopu ya rafiki, HDMI iko kwa NVIDIA, monita imekubali 144, kila mtu anasema iko sawa, lakini ukisukuma dirisha kwa monita linaburuta na gemu inakatakata, huku kwa skrini ya laptopu kila kitu laini. Kumbe dawati zima lilikuwa linachorwa na Intel, halafu linanakiliwa kwenda NVIDIA ndiyo litoke. Yaani gemu inatoka NVIDIA, inaenda Intel, inarudi NVIDIA. Kujua tundu liko kwa nani:

```
ls /sys/class/drm
readlink /sys/class/drm/card1/device/driver
```

Ukiona `card1-HDMI-A-1` na hiyo ya pili inaishia na `nvidia`, basi HDMI ni ya NVIDIA. Skrini ya laptopu ni ile `eDP-1`, kawaida iko kwa kadi nyingine. Kama unaingia kwa Xorg, hii inatosha, kisha uwashe upya:

```
sudo prime-select nvidia
```

Kwa Wayland ya GNOME sisi tuliongeza sheria ya udev ya kuambia dawati lichorwe na NVIDIA. Na hapa ndipo watu huanguka: mitandaoni wanakupa sheria inayotaja `card1`, inafanya kazi leo, kesho ukiwasha namba zimebadilishana, Intel imekuwa `card1`, na umerudi palepale unadhani sasisho limeharibu. Tumia anwani ya PCI, hiyo haibadiliki ovyo. `lspci` inaionyesha, kwetu ilikuwa 01:00.0:

```
SUBSYSTEM=="drm", KERNEL=="card*", KERNELS=="0000:01:00.0", TAG+="mutter-device-preferred-primary"
```

Weka kwa faili `/etc/udev/rules.d/61-mutter-primary-gpu.rules`, washa upya.

Omundu_Kakamega
Ndiyo maana mimi nilirudi Windows. Mtu anataka kucheza gemu anapewa mtihani wa kompyuta.

NyarKondele
Rudi kwa amani. Mimi kazi yangu iko Linux na sihami.

Webuye_Mjini
Omundu usianze. Kila wiki unaanza hii vita.

Mwalimu_Bungoma
Dada Kondele, nimefuata ya `prime-select`, niko Xorg, monita imekuwa nzuri kweli. Lakini nikiwasha skrini ya laptopu ya Hz 60 pamoja na monita ya 144, video kwa monita inaanza kushtuka tena. Nikifunga kifuniko inatulia.

NyarKondele
Mwalimu, Xorg inachukua skrini zote kama uwanja mmoja na haishughulikii vizuri kasi mbili tofauti. Jaribu kuweka hii kwa `/etc/environment`, jina la tundu ulisome kwa `xrandr`, kwako huenda ni HDMI-0:

```
__GL_SYNC_DISPLAY_DEVICE=HDMI-0
```

Kwa wengine imesaidia, kwa wengine hakuna kitu. Isiposaidia endelea kufunga kifuniko au uhamie Wayland na ile sheria.

Mwalimu_Bungoma
Nimeiweka. Inasaidia nusu, video za kawaida ziko sawa ila nikisogeza dirisha bado naona mshtuko. Jioni nitajaribu Wayland.

Mulembe_Kitale
Nimerudi. Nimecheki, draiva ya DisplayLink ipo. Sasa nirudishe doki ama ninunue nini?

Bwana_Kiamunyi
Kabla ya kununua, chomeka monita moja kwa moja kwa laptopu bila doki, soma "Connected to" kwa kila tundu, halafu utuandikie hapa ulichoona. Doki ibaki kwa kibodi na mausi.