3.5 inageuka 3 Mei kwenye Excel, nibadilishe wapi?

Pima_Mara2: Wakuu, naomba msaada. Nimepata kompyuta iliyotumika. Kila siku napokea faili la vipimo, mistari yake iko hivi:

```
12/03/2024,3.5,1.250
25/03/2024,4.1,0.980
```

Nikilifungua, kila mstari unajazana kwenye safu A. Nimeligawa kwa mkato kupitia Text to Columns, lakini 3.5 ikawa 3 Mei na 1.250 ikahesabiwa elfu moja mia mbili hamsini! Lugha ya Windows nimeshaiweka Kiingereza. Menyu zimebadilika, namba ziko vilevile.

Kijana_wa_Seva: Lugha ya menyu haihusiki na namba. Bonyeza Win+R, andika `intl.cpl`, chagua English (United States). Kwisha kazi.

MamaJedwali: Nusu yake kweli. Hiyo kompyuta bila shaka imewekewa muundo wa Kijerumani: mkato ni wa desimali, nukta hutenga maelfu na pia sehemu za tarehe, na orodha hutengwa kwa nukta-mkato. Ndiyo maana mstari haugawanyiki wenyewe.

Ila ukichagua Marekani, 12/03 itasomwa Desemba 3, kimyakimya. 25/03 itabaki maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Utaitambua kwa jinsi inavyoegemea kushoto wakati tarehe halisi zinaegemea kulia. Ukiona safu moja ina pande mbili, usiamini hata zile zilizokaa vizuri.

Chagua English (United Kingdom), kisha ingia Additional settings uhakikishe Decimal symbol ni `.` na List separator ni `,`. Funga Excel, uifungue upya.

Bahari_77: Mimi `=SUM(A1,B1)` inakataliwa kazini, nyumbani inakubali. Ni hilohilo?

MamaJedwali: Hilohilo. Kazini andika `=SUM(A1;B1)`.

Pima_Mara2: Faili jipya limefunguka safi, asante mama. Lakini lile la jana nililolihifadhi bado lina 3 Mei. Nikibadili seli iwe namba inakuja 45415.

MamaJedwali: Hiyo haikomboleki kwa kubadili mpangilio. Excel ilishatupa 3.5 ikahifadhi hesabu ya siku. Rudi kwenye faili asili ulifungue upya. Kama umehifadhi juu yake, omba nakala kwa aliyelituma.

Kijana_wa_Seva: Si angeondoa tu tiki ya Use system separators ndani ya Excel?

MamaJedwali: Ile inagusa desimali na maelfu tu. Mpangilio wa tarehe na kitenga orodha vinabaki vya Windows.

Pima_Mara2: Nakala ninayo. Sasa bosi anataka ripoti iliyochapishwa iwe na mkato wa desimali. Hiyo tiki si ndiyo itanifaa hapo?

MamaJedwali: Kwa kuchapisha, jaribu. Ila uirudishe kabla ya kufungua faili la kesho.