Familia ya Dodoma: shairi la Upendo

Upendo: Shikamooni. Mwalimu wa Kiswahili anataka beti mbili za mistari mitatu, mizani 8 kwa 8. Kila ubeti urudie konsonanti moja, ila maana isipotee. Nimeanza na K: "Kikapu changu cha kamba, kimechakaa kabisa."

Mjomba: Marahaba. Rahisi hiyo. Fungua kamusi kwenye K, okota maneno, yapange.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mjomba, ukianzia kwenye kamusi utapata orodha, siyo shairi. Anza na nomino, upatanisho wa kisarufi utakuletea sauti wenyewe. Ila Upendo, kikapu kimekuponyoka: KI ikikutana na irabu inakuwa CH, ndiyo maana umepata "changu cha". Masikio yanasikia CH, siyo K. Kaa na kile, kiki-, kime-: "Kikapu kile kikubwa, kimekatika kabisa." Mizani bado 8 kwa 8.

Baba Upendo: Kwani vina si ndiyo hivyo hivyo? Mwisho wa mstari ufanane.

Shangazi: Hapana kaka, vina vinabaki mahali pake, kati na mwisho. Hii inayotakiwa ni sauti ya mwanzo wa maneno.

Upendo: Ubeti wa pili je?

Shangazi: Chukua zabibu, kwa wingi. Za, zetu, zote, zile, zime-: Z haigeuki hata ikikutana na irabu. Na kata ya Zuzu tunayo hapa hapa.

Zuzu zabibu zazuka, zang'aa kushinda zari,
Zichumeni zimefika, zisizidiwe na hari,
Zikizidi kunyauka, zazua shida na shari.

Vina ni -ka na -ri. Na siyo kila neno lina Z: "kushinda" na "hari" nimeyaacha kwa sababu maana inayahitaji. Ukilazimisha Z hapo utaandika neno ambalo wewe mwenyewe huwezi kulieleza darasani.

Mama Upendo: Wifi, nipe na mimi mstari wa tangazo, nauza bamia. "Bibi wa Bahi anabeba bamia bora"?

Shangazi: Linasikika vizuri, ila viumbe wanachukua a-, kwa hiyo kitenzi chako kimeanza na irabu. B ya -beba inakuokoa kwa sababu ndiyo inayobeba mkazo. Ungeweka "anauza", pangepwaya.

Mjomba: Mstari wa tatu una "shida na shari". Si umeingiza SH? S na Z ni jirani, lakini SH ni sauti nyingine kabisa.

Shangazi: Ni kweli, SH mbili zimekaa kipande kimoja na neno moja tu la Z. Mimi naona zinakubalika, maana zinafunga ubeti.

Mjomba: Mimi ningeziondoa. "Zazorota bila heri", haina SH, mizani 8 ile ile.

Upendo: Hapo "heri" sijaielewa vizuri, shida na shari naiona. Nitazisoma zote mbili kwa sauti kabla sijanakili.