Mkopo au mbia: ile 12% baada ya kodi ni ngapi hasa?

Kibubu: Nataka milioni 12 za kununua mashine. Benki inanipa kwa riba ya 12% kwa mwaka, miaka 3. Kodi ya kampuni ni 30% na riba inatolewa kabla ya kodi, kwa hiyo gharama naiona 8.4%. Kuna mtu anataka kuweka fedha hizohizo apewe hisa 20%. Si bora mkopo? Wanaokimbilia wabia naona ni woga wa deni tu.

Chuma Ulete: Woga? Subiri miezi miwili mauzo yalale ndipo tutajua nani mwoga. Mbia hakupigii simu kila tarehe 5. Hisa ni fedha ya bure, haina marejesho.

Bi Hesabu: Bure ya wapi? Gawio linatoka kwenye faida iliyokwisha kulipiwa kodi. Kumpa mbia milioni 2, kampuni ipate kwanza kama milioni 2.86. Riba ya milioni 2 inamalizwa na faida ya milioni 2 basi. Kibubu, rejesho la mwezi umeandikiwa ngapi?

Kibubu: 453,333. Na ada ya 2% wanaikata siku ya kutoa fedha.

Bi Hesabu: Nilijua. Hiyo ni riba ya flati. Unatozwa juu ya milioni 12 nzima mpaka mwezi wa 36, wakati mwezi huo deni lililobaki halifiki laki 5. Mkononi unapokea milioni 11.76. Weka hii kwenye Excel:

```
=RATE(36,-453333,11760000)*12
```

Itakupa karibu 22.7%. Bila ada ni 21.2%. Zidisha 22.7 kwa 0.7, unapata kama 15.9%. Ile 8.4 ifute.

Mdaiwa Sugu: Na bado umempunguzia. Deni lenyewe halina nafuu ya kodi, ni riba peke yake. Unalirudisha kwa faida iliyokwisha katwa kodi, kwa hiyo mkopo ni ghali kuliko hesabu yako.

Bi Hesabu: Nusu kweli, ndugu. Ulipolipokea lile deni hukulipia kodi, kwa nini kulirudisha kupunguze kodi? Hiyo si gharama, ila inabana mzunguko. Mwaka wa kwanza anatoa milioni 5.44: riba kama 2.25, deni kama 3.2. Nafuu ya kodi haizidi laki 7. Asiyeandaa zile milioni 3.2 atakwama huku vitabu vikionyesha faida.

Mdaiwa Sugu: Ndicho nilichosema.

Bi Hesabu: Ulisema ghali. Soma ulichoandika.

Msumeno: Mimi nalipa kodi kwa asilimia ya mauzo. Riba naijaza wapi?

Bi Hesabu: Hujazi popote. Kodi ya mauzo haiangalii matumizi, kwa hiyo mkopo kama huo kwako unabaki 22.7% kavu. Hata Kibubu, mwaka akipata hasara nafuu haipo mwaka huo. Kwa kawaida hasara inasogezwa mbele na anaifaidi baadaye, huku marejesho yakidaiwa leo.

Chuma Ulete: Asante! Sasa nani mwoga?

Kibubu: Neno moja tu limekuchoma hivyo? Jibu hesabu: faida baada ya kodi ikiwa milioni 10, sehemu ya mbia ni milioni 2. Juu ya milioni 12 ni 16.7%. Karibu sawa na mkopo.

Bi Hesabu: Sawa mwaka huo mmoja. Faida ikifika milioni 20, sehemu yake ni milioni 4, yaani 33%, na haina mwezi wa 36. Usipogawa gawio, haki yake inabaki ndani ya kampuni na siku ya kuuza ataidai. Faida ikishuka hadi milioni 3, anapata laki 6 tu, na hapo mbia ndiye nafuu.

Chuma Ulete: Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Bi Hesabu: Kwa mwaka mbaya, ndiyo. Kwa neno "bure", hapana.

Mdaiwa Sugu: Aweke kipengele cha kuzinunua tena zile hisa baada ya miaka 3, mchezo umeisha.

Bi Hesabu: Kwa bei gani? Wakiandika bei isiyobadilika yenye nyongeza ya kila mwaka, na kampuni ikalazimika kununua, mkaguzi anaweza kuziita hisa hizo deni. Mamlaka ya kodi nayo inaweza kukataa kuitambua ile nyongeza kama riba. Unabeba uzito wa deni bila nafuu yake.

Mdaiwa Sugu: Inategemea mkataba ulivyoandikwa.

Kibubu: Kwanza narudi benki kuomba hesabu ya salio linalopungua, na jedwali la marejesho linalotenganisha riba na deni. Wakinipa 18% kwa salio, ada ileile?

Bi Hesabu: Rejesho linashuka hadi kama 433,800. Rudia ile fomula. Na uliza adhabu ya kulipa mapema, hiyo hawaisemi mpaka uulize.