Warumi na tarehe zao za kuhesabu kinyumenyume, hivi walikuwa wanamkomoa nani??

Mkwaju_Mchungu (mwenye uzi)

Wakuu salama? Naomba leo niropoke maana nimejaa hadi hapa.

Kuna kazi napanga kwenye ekseli, matukio ya miaka ya mwisho ya Jamhuri ya Roma, barua za Sisero, nani kafa lini, nani kazaliwa lini. Barua nyingi zina tarehe chini kabisa kwa hiyo nilidhani nitanakili tu niende zangu. Thubutu! Mtu mzima, wakili, kashakuwa konsuli, hawezi kuandika "leo tarehe 9 Desemba" kama binadamu, anaandika "siku ya 5 kabla ya Idusi za Desemba". Yaani mwezi mzima wana siku tatu tu zenye jina, Kalendi ambayo ndo tarehe mosi, kisha Noni, kisha Idusi pale katikati, na hizo siku nyingine zote zinaishi kama abiria wa stendi, zinasubiri tu. Ukimuuliza Mrumi leo tarehe ngapi hakwambii mwezi umekula siku ngapi, anakwambia zimebaki ngapi kufika kituo kinachofuata.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini hata hiyo ya kubaki hawahesabu kama sisi. Kaisari kauawa siku yenyewe ya Idusi za Machi, 15 Machi mwaka 44 KK, hiyo kila mtu anaijua. Tarehe 14 wanaiita siku iliyotangulia Idusi, haya sawa. Tarehe 13 si ungetegemea iwe siku ya 2 kabla ya Idusi? Wapi! Ni siku ya 3. Wanahesabu 13, 14, 15, hiyo Idusi yenyewe nayo imo ndani, kwa hiyo "siku ya 2 kabla" kwao haipo, unaruka tu kutoka ya 3 kwenda "iliyotangulia".

Bado sijamaliza. Idusi ikishapita, mwezi unaouishi unapotea kwenye tarehe. 14 Desemba inaandikwa "siku ya 19 kabla ya Kalendi za Januari", ukisoma haraka haraka unaitupa Januari ya mwaka unaofuata, konsuli wengine kabisa, na taimlaini yote inakuwa takataka.

Na kilichonifanya nifungue uzi ni hiki: Machi ina siku 31, Idusi yake tarehe 15. Januari ina siku 31 vilevile, Idusi yake tarehe 13. KWA NINI?? Agosti 31, Idusi 13. Oktoba 31, Idusi 15. Nani aligawa hizi tarehe na alikuwa amekunywa nini?

---

Konda_Mstaafu

Mbona mimi naishi hivyo hivyo mkuu, kuanzia tarehe 16 huwa sisemi tarehe nasema zimebaki siku ngapi mshahara uingie. Hao Warumi nawaelewa kabisa.

---

fundi_jedwali

Unalia bure, hii ni kutoa tu. Chukua tarehe ya kituo, ongeza 1, toa namba ya Mrumi, basi. Idusi 13, ongeza 1 inakuwa 14, toa 5, unapata 9. Ndo hiyo 9 Desemba yako. Weka fomula kwenye seli uvute chini ukalale. Shida yao hawakuwa na sifuri ndo maana siku ya mwisho inahesabiwa.

---

Mkwaju_Mchungu

@fundi_jedwali hiyo yako nimeshaivuta, kwenye Noni na Idusi inakubali. Jaribu sasa na Kalendi. Siku ya 19 kabla ya Kalendi za Januari, Kalendi ni tarehe 1, ongeza 1 inakuwa 2, toa 19, unapata hasi 17. Tarehe hasi 17 Januari ndo nini, nimuweke mtu kaburini siku hiyo?

---

fundi_jedwali

Hahaha ok, hapo ongeza 31 za Desemba. Unapata 14.

---

Mama_Kumbukumbu

Wanangu ngoja niwasaidie, haya madude nimeyasoma miaka mingi.

Fundi yupo sawa kwenye kutoa ila kwa Kalendi uikariri hivi itakuwa rahisi:

```
siku za mwezi ulio ndani yake + 2 - namba ya Mrumi = tarehe
```

Ni 2 badala ya 1 kwa sababu Kalendi yenyewe ipo nje ya mwezi, ni siku moja mbele ya siku ya mwisho. Desemba, 31 + 2 - 19, ni 14. Na la sifuri mwanangu liache, Mrumi ni mtu anayehesabu vidole vyote viwili, cha mwanzo na cha mwisho. Hata siku yao ya soko iliyorudi kila baada ya siku nane waliiita ya tisa.

Sasa hasira zako za Januari na Machi. Wewe unamlaumu aliyepanga, wakati aliyepanga alipanga vizuri tu, aliyeharibu ni huyo huyo Kaisari unayemuandika.

Kabla yake, miezi yenye siku 31 ilikuwa minne tu: Machi, Mei, Julai (wakati huo ikiitwa Kwintilisi) na Oktoba. Hiyo minne ndiyo Noni zake zilikuwa tarehe 7 na Idusi 15. Miezi mingine yote ilikuwa na siku 29, isipokuwa Februari 28, na huko Noni ni 5, Idusi 13. Sasa hesabu mwenyewe uone. Mwezi wa siku 31, toa 15, zinabaki 16. Mwezi wa siku 29, toa 13, zinabaki 16. Kwa hiyo siku inayofuata Idusi ilikuwa daima ni siku ya 17 kabla ya Kalendi, mwezi wowote ule, Februari tu ndo ilipungua moja. Mtu wa enzi hizo hakuhitaji fomula, nusu ya pili ya mwezi ilikuwa inafanana mwaka mzima.

Kuanzia mwaka 45 KK Kaisari akaongeza siku kumi kwenye mwaka. Januari, Agosti na Desemba zikapata mbili mbili, Aprili, Juni, Septemba na Novemba moja moja. Akazipachika mwishoni mwishoni, Noni na Idusi hakuzigusa, ili sikukuu za miungu zisihame. Ndo maana Januari yako ina 31 lakini Idusi imebaki 13, ile ya mwezi wa zamani wa siku 29. Na ndo maana baada ya Idusi sasa unaanza na 17 mwezi mmoja, 18 mwingine, 19 mwingine. Hiyo 19 yako ya Desemba kabla ya Kaisari haikuwepo duniani.

---

binti_malindi_kuu

Mie nimesoma huku nimecheka, maana mbona haya yanafanana na kungoja mwezi uandame? Wazee wetu nao mwezi hauanzi mpaka uonekane.

---

Mama_Kumbukumbu

@binti_malindi_kuu ndiko ilikotoka mwanangu. Hapo zamani Kalendi ilikuwa mwezi ukiandama, Idusi ni mwezi mpevu. Kuhani mdogo anauangalia, watu wanaitwa juu kilima cha Kapitoli, anawatangazia Noni ipo siku ya 5 au ya 7. Sasa mtu ametangaziwa siku inayokuja, atahesabu vipi kama si kuelekea huko? Baadaye mwezi wa angani wakaachana nao, hesabu ikabaki.

---

mzee_wa_maskati

Waarabu wa kale pia nusu ya pili ya mwezi waliandika kwa nyusiku zilizobaki, nimeona kwenye hati. Ila wao nusu ya kwanza walihesabu zilizopita. Warumi wamezidi.

---

Mkwaju_Mchungu

Mama asante, ila umenipandisha presha upya. Maana kama siku zilipachikwa mwishoni, na tarehe inahesabiwa kutoka mwisho, si ina maana watu waliozaliwa kabla ya hapo tarehe zao zilihama wakiwa hai??

---

Mama_Kumbukumbu

Ndiyo, na ndipo utamu ulipo. Mchukue Augusto. Kazaliwa 23 Septemba mwaka 63 KK, Septemba ikiwa na siku 29. Fanya 29 + 2 - 23, unapata siku ya 8 kabla ya Kalendi za Oktoba. Akiwa na miaka 17 hivi, Septemba ikapewa siku ya 30. Sasa siku ya 8 kabla ya Kalendi za Oktoba ni 24. Siku ile ile aliyozaliwa ukihesabu kutoka mwanzo wa mwezi, yaani 23, inaitwa siku ya 9. Achague ipi, abaki na jina au abaki na siku? Rasmi ilichukuliwa siku, Suetonio, mwandishi wa Kirumi aliyeandika maisha yake, anaandika siku ya 9. Lakini huyo huyo Suetonio anasema watu wa daraja la ekwite, wale matajiri walio chini ya maseneta, walikuwa wakiisherehekea siku mbili, na wapo wanaodhani ni kwa sababu ya mkanganyiko huu huu.

Halafu mkewe Livia. Yeye sikukuu yake iko siku ya 3 kabla ya Kalendi za Februari, ambayo kwa Januari ya 31 ni tarehe 30. Lakini yeye naye kazaliwa kabla ya mabadiliko. Kama alibaki na jina, basi kazaliwa 28. Kama alibaki na siku, basi 30 ya enzi hizo haikuwepo, Januari iliishia 29.

---

Mkwaju_Mchungu

Sasa mimi kwenye ekseli naandika ngapi?

---

Mama_Kumbukumbu

28 ndo inayoingia akilini, ila vitabu vingi utakuta 30. Weka safu mbili mwanangu, moja ya maneno ya Kirumi kama yalivyo, nyingine ya tarehe uliyokokotoa, na siku za mwezi uzitoe kwenye jedwali mbili tofauti, la kabla ya 45 KK na la baada. Na huo mwaka 46 KK wenyewe usiuguse kwa fomula, ulikuwa na siku 445.

---

fundi_jedwali

445??? Basi mimi najitoa.

---

Kijana_wa_Volkeno

Samahani kuingilia, yale maandishi ya mkaa waliyoyakuta ukutani Pompei mwaka 2018, yameandikwa XVI K NOV. Si ina maana volkeno ililipuka baada ya 16 Novemba? Mbona tulifundishwa Agosti?

---

Mkwaju_Mchungu

Unaona sasa! UNAONA! Huyu naye kaingia mtego ule ule. Kijana, K NOV ni Kalendi za Novemba, unarudi nyuma, upo Oktoba. 31 + 2 - 16 ni 17 Oktoba.

---

Mama_Kumbukumbu

Umeshaiva wewe. Ila hayo maandishi hayana mwaka, anayeyatumia anategemea kwamba mkaa haukai ukutani muda mrefu, kwa hiyo lazima uwe mwaka ule ule wa mlipuko, 79 BK. Agosti inatoka kwenye nakala za barua ya Plinio, Mrumi aliyeushuhudia mlipuko, siku ya 9 kabla ya Kalendi za Septemba, yaani 24 Agosti. Wapo wanaosema mnakili alikosea mwezi, ilikuwa Kalendi za Novemba, na kwa kuwa Oktoba nayo ina 31, siku ya 9 inakupa 24 Oktoba. Namba ni ile ile, mwezi tu ndo unaruka.

---

Kijana_wa_Volkeno

Kwa hiyo ni Agosti au Oktoba?

---

mzee_wa_maskati

Mimi niko Oktoba, wamekuta na komamanga humo.

---

Mama_Kumbukumbu

Komamanga zinaweza kuvunwa mapema zikahifadhiwa mzee wangu. Mimi bado sijaamua.