Naombeni msaada: kufuta tenti na pikapu kwenye picha ya droni ya shamba la pamba, mistari inapinda

Kijana wa Igoma
Wakuu habari za saa hizi. Nina picha ya droni niliyopiga kutoka juu moja kwa moja, kamera inaangalia chini kabisa, shamba la pamba huku Magu. Chama cha ushirika cha wakulima wanataka waichape kwenye bango kubwa la ofisini kwao, wameipenda sana ila wanataka tenti na pikapu vitoke. Tenti ni ile ya mita 3 kwa 6 iko katikati ya pamba, na pikapu imepaki ukingoni mistari inapoishia kwenye njia ya ng'ombe. Nilipiga saa tatu asubuhi, mita 60 hivi juu. Mistari imelala karibu kaskazini kusini, imeinama kidogo kwenye picha.

Shida yangu ni hii: nikizungushia tenti nikaenda Edit > Content-Aware Fill tenti inaondoka vizuri tu lakini mistari inakuja kama nyoka, mwingine unaanza huku unaishia katikati, na mahali pengine mistari miwili inaungana kuwa mmoja. Ukiangalia kwa mbali unaona kabisa kuna kitu kimefutwa. Natumia Photoshop kwenye laptopu ya kawaida. Mnafanyaje?

Sengerema Moja
Kaka usijitese, hamishia picha kwenye simu, fungua Snapseed, chagua Healing, paka kidole juu ya tenti mara moja tu. Mimi nafuta watu na pikipiki kila siku kwenye picha za ufukweni na hakuna anayejua.

Dada wa Nyakato
Sengerema Moja kwa mtu aliyesimama kwenye mchanga uko sahihi, mchanga hauna mpangilio kwa hiyo chochote kitakachojazwa kinafanana na mchanga. Hapa kuna mistari, na jicho la mtu linafuata mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, ukikatika hata kidogo linashtuka. Halafu tenti ya mita 6 siyo mtu mmoja.

Igoma, hebu tupe vipimo. Kuza picha, chukua Ruler, pima kutoka katikati ya mstari mmoja mpaka katikati ya mstari wa kumi na moja kukata mistari, ugawe kwa kumi. Ni pikseli ngapi? Pima upande wa juu wa picha na upande wa chini pia.

Kijana wa Igoma
Dada nimepima, juu napata 44, chini 45 hivi. Mkulima anasema alipanda sentimita 90 mstari kwa mstari.

Dada wa Nyakato
Safi, hapo kila pikseli ni kama sentimita 2 za shamba, na kamera yako ilikuwa imeangalia chini vizuri. Ingekuwa juu 38 na chini 45 ningekwambia kipande utakachokopi kinabidi ubadilishe na ukubwa wake, maana yake kamera iliinama na mistari inakaribiana kadiri inavyoenda mbali. Kwako tofauti ni ndogo, ila usichukue kipande mbali sana na tenti.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliangalii: mstari wa pamba unajirudia kwa kufuata urefu wake. Kwa hiyo usikopi kutoka pembeni ya tenti, kopi kutoka juu yake au chini yake kwenye mistari ile ile iliyofunikwa, kisha usogeze kwa kufuata mistari. Ukifanya hivyo mistari inakutana yenyewe, hata kama mkulima alipanda kwa kamba iliyolegea na nafasi haziko sawasawa, kwa sababu mstari wa tano unabaki kuwa wa tano. Content-Aware Fill haijui kitu hiki, yenyewe inaokota vipande vinavyofanana rangi kutoka popote.

Fanya hivi. Kwanza kopi ya leya, usiguse ya asili. Chukua Ruler uvute juu ya mstari mmoja mrefu wa pamba, halafu Image > Image Rotation > Arbitrary, nyuzi zitakuwa zimejijaza zenyewe, bonyeza OK na mistari itasimama wima. Sasa kukata na kusogeza ni kwenda juu na chini tu.

Kabla hujakata fikiria kivuli. Saa tatu asubuhi jua letu huku bado liko chini, kivuli cha tenti yenye kimo cha mita 2 na nusu kinakwenda karibu mita 4 upande wa magharibi. Ongeza kwenye mita 6 za tenti unapata mita 10, yaani mistari kama 11. Watu wanafuta tenti wanaacha ukanda mweusi wa kivuli, halafu wanashangaa mbona pana doa. Kwa kufuata mistari tenti yako ni mita 3, pikseli kama 150, weka na akiba ya kivuli kinachochepuka na kingo, chukua kipande cha urefu wa pikseli 260.

Chora kiboksi cha mistari 12 kwa pikseli 260 sehemu safi juu ya tenti, Ctrl+J, kisha kishushe kama pikseli 300 mpaka kifunike tenti na kivuli chote. Weka Opacity asilimia 50, sogeza kwa mishale ya kibodi pikseli moja moja kushoto na kulia mpaka mistari ya kipande ilale juu ya mistari ya chini, ndipo urudishe asilimia 100.

Mpiga Picha Kirumba
Dada badala ya Opacity 50 mwambie aweke leya kwenye Difference, vikilingana panakuwa peusi kabisa, hakuna kubahatisha.

Dada wa Nyakato
Kirumba hiyo ni nzuri ukiwa na picha mbili za sehemu ile ile, majani ni yale yale kwa hiyo yanafutana. Hapa kipande kimetoka kwa mimea mingine, hakuna jani litakalolingana, kwa hiyo panabaki madoadoa hata ukiwa umelenga sawasawa. Ila umenikumbusha: Igoma, huna picha nyingine uliyopiga kabla tenti haijasimamishwa au baada ya pikapu kuondoka? Kama ipo, zipange kwa Edit > Auto-Align Layers, weka maski, toboa sehemu ya tenti tu. Hiyo ni pamba halisi ya pale pale, haishindwi na ujanja wowote.

Kijana wa Igoma
Sina dada. Nilipiga tano lakini tenti iko kwenye zote.

Mkulima Nyanguge
Na mimi nina hoja hapo hapo. Nimepiga picha zaidi ya mia mbili za mpunga wangu nikaziunganisha kwenye WebODM kuwa ramani, na gari ya mdau imetokea mara mbili, moja nzima na nyingine kama mzimu. Nifute kwenye kila picha kwa njia ya dada?

Dada wa Nyakato
Mkulima yako ni kesi nyingine, usifute kwenye picha moja moja. Programu inaunganisha kwa kutafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, ukibandika mpunga wa sehemu nyingine unaweza kuichanganya. Tengeneza ramani kwanza, na kama unaitumia kupima eneo au kuangalia afya ya mpunga liache gari libaki, au toa eneo hilo kwenye hesabu. Tunachofanya hapa ni cha bango la ukutani. Igoma na wewe waulize chama kama hiyo picha haitapelekwa benki au kwenye bima, maana huko kubandika pamba isiyokuwepo ni kudanganya.

Kijana wa Igoma
Ni ya ukutani tu, nimewauliza. Nimefanya ulivyosema na mistari imenyooka jamani! Lakini naona kama fremu, kingo za kipande zinaonekana, nikizilainisha kwa brashi laini panakuwa na ukungu.

Dada wa Nyakato
Ni kweli, brashi laini ya pikseli 50 ni pana kuliko nafasi ya mstari mmoja, inachanganya majani na udongo. Weka maski kwenye kipande, kingo za kushoto na kulia zipitishe kwenye udongo katikati ya mistari miwili, pale kuna udongo kwa udongo na hakuna atakayeona. Kingo za juu na chini zinazokata mistari usizinyooshe, zungusha brashi ngumu ya pikseli 8 hadi 10 ukifuata majani, mstari huu ukate juu kidogo, unaofuata ukate chini. Ukungu usizidi pikseli 1 au 2.

Kisha tafuta mapacha. Kwa kuwa umekopi kutoka karibu, mmea mkubwa au pengo lisiloota litaonekana mara mbili kwenye mstari ule ule. Yazibe machache kwa Clone Stamp kutoka mahali pengine. Na usizungushe kipande nyuzi 180 ili kuficha mapacha, maana jua linapiga mimea upande wa mashariki, ukigeuza upande wenye mwanga unahamia magharibi na sehemu yote inaonekana imebonyea.

Ukimaliza rudisha picha ionekane asilimia 25 uangalie kwa mbali, halafu hesabu mistari juu ya tenti na chini yake. Ikiwa 12 na 12 umepona.

Mpiga Picha Kirumba
Mimi bado naona kuzungusha picha nzima si lazima, inapunguza ukali kidogo. Bonyeza R ugeuze mwonekano tu.

Dada wa Nyakato
R inamfaa anayepaka kwa mkono. Kwa mishale ya kibodi haimsaidii, leya inaendelea kufuata pande za picha yenyewe. Ukali unaopotea kwa kuzungusha mara moja kwenye bango sidhani kama utaonekana, lakini kama unataka picha ibaki hivyo hivyo wima usiirudishe, kata kingo tu.

Kijana wa Igoma
Tenti imekwisha, nimehesabu 12 na 12. Sasa pikapu. Hii imekaa kwa kufuata mistari lakini pale pale inapoishia, chini yake ni njia, na juu yake mistari inaanza kujikunja kidogo ng'ombe wa plau walipogeuka. Nikishusha kipande kutoka juu napoteza ncha za mistari.

Dada wa Nyakato
Hapo ndipo unaruhusiwa kwenda pembeni, ila kwa hatua kamili za mstari. Pikapu na kivuli chake ni kama mistari 5, kwa hiyo chukua ncha za jirani upande wa mashariki ambako hakuna kivuli, usogeze mistari 6, yaani pikseli 264. Ukisogeza 240 au 290 mstari utaangukia kwenye udongo na utaona ngazi. Kwa kuwa mkono wa mkulima si mashine 264 haitakaa sawa kwa kila mstari, rekebisha kwa Edit > Transform > Warp ukivuta kidogo ncha ya juu ya kipande ifuate mkunjo. Na huo mkunjo uache, usiunyooshe, shamba liko hivyo. Njia ya ng'ombe ifanye mwisho, kipande chake peke yake, hiyo Clone Stamp ya kawaida inatosha.

Mkulima Nyanguge
Na alama za matairi kuanzia njiani mpaka pikapu ilipo?

Kijana wa Igoma
Zipo mzee, sikuwa nimeziona. Zinaingia mistari miwili ndani ya pamba.

Dada wa Nyakato
Ongeza kipande kiwe na mistari 7 basi, na hatua iwe mistari 8, pikseli 352. Weka picha hapa ukimaliza tuone, nina wasiwasi na rangi ya udongo kule ukingoni, huwa inabadilika ghafla.